Lori Linalorudi Tupu: Namna ya Kusoma Pengo kati ya Kilichopo na Kinachohitajika

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wakulima na wasafirishaji, nanyi vijana mliokuja na madaftari,

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kuona biashara mahali ambapo kitu kimekaa bure upande mmoja huku upande wa pili watu wakikihangaikia. Magari yaliyoegeshwa, vyumba visivyo na mpangaji, mashamba yanayoota magugu: hayo ndiyo yaliyoandikwa katika barua ya mwaliko. Kwa ruhusa yenu nitakaa zaidi kwenye gari, tena gari la aina moja na barabara moja, kwa sababu ndilo jambo nililolifanyia kazi kwa miaka mingi pale Makambako, na ninaamini kwamba anayelielewa jambo moja mpaka mwisho atayaelewa na hayo mengine bila kufundishwa sana.

Makambako iko kwenye njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa inafika hapo, kisha mkono mmoja unaendelea Mbeya hadi mpakani Tunduma, na mkono mwingine unakwenda Njombe na Songea. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 660, na hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60. Mtu akikaa hapo siku nzima ataona malori yakipanda kutoka pwani yamejaa saruji, mabati, mbolea, sabuni na bidhaa za dukani, na ataona mengine yakishuka turubai limekunjwa, tela halina kitu, dereva anakimbiza muda. Saa moja kutoka hapo, katika vijiji vya Njombe, kuna mkulima mwenye viazi mviringo shambani ambaye anaambiwa kwamba usafiri wa kufikisha gunia Dar es Salaam utamla faida yote.

Kila mgeni mwenye akili anayefika pale huliona jambo hilo ndani ya siku mbili, na hata mimi niliona hivyo hivyo, nikadhani nimegundua dhahabu. Nilipata hasara katika msimu wangu wa kwanza kwa sababu sikuuliza swali moja ambalo leo ningependa niliweke mbele ya mengine yote: kwa nini lori hili ni tupu? Pengo likiwa wazi kiasi cha kuonwa na mgeni, basi wenyeji wamekwisha kuliona, na kama bado lipo, kuna sababu inayolishikilia. Kazi ya anayetafuta biashara ni kuitafuta sababu hiyo kabla hajaweka fedha yake.

Niliporudi mara ya pili nilikaa njia panda kwa juma zima na daftari. Kila lori lililoshuka tupu niliandika aina yake, lilikotoka, na namba yake ni ya nchi gani. Daftari hilo lilinifundisha zaidi kuliko msimu mzima wa hasara. Kwanza, malori mengi niliyokuwa nikiyaita tupu yalikuwa ya kubeba mafuta. Tangi la dizeli likishashusha Mbeya au ng'ambo ya mpaka halitabeba viazi hata kama linapita mlangoni pa mkulima, kwa hiyo utupu wake si wa kwetu. Pili, kulikuwa na matela ya makontena, yale yenye chuma tupu bila sakafu, ambayo huwezi kuyapangia magunia; na yale yaliyokuwa na kontena tupu juu yalikuwa yanaliwahisha bandarini, kwa kuwa kontena ni mali ya kampuni ya meli na likichelewa kupita siku za bure mwenye mzigo hutozwa kwa kila siku inayozidi. Tatu, yalikuwepo malori yenye namba za nchi jirani, na gari la kigeni haliruhusiwi kuchukua mzigo wa ndani kutoka Njombe kuupeleka Dar es Salaam kana kwamba ni gari la hapa. Nilipoyatoa hayo yote, yakabaki malori machache yenye sakafu na mbao za ubavuni, ya Watanzania, yaliyokuwa yametoka kushusha saruji au mbolea Mbeya, Njombe au Songea. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa tupu kwa maana inayomfaa mkulima wa viazi.

Lakini hata hayo hayakuwa tupu yote, na hili linahitaji kusemwa kwa heshima. Lori lililo tupu katika daftari la tajiri wake aliyeko Dar es Salaam mara nyingi lina mzigo barabarani. Dereva na utingo wake huokota magunia ya mahindi hapa, mbao pale, na kipato hicho hukitegemea pamoja na posho ya safari. Silisemi kwa kuwalaumu. Posho nyingi ni ndogo na safari ni ndefu. Ninalisema kwa sababu kijana anayekuja na mpango wa kumpigia simu tajiri moja kwa moja na kumwambia, "Nina mzigo wa kurudi," anadhani anajaza nafasi iliyo wazi, kumbe anamnyang'anya dereva chakula, na dereva huyo ndiye atakayeamua kama lori litaingia kijijini au litapata "hitilafu" likiwa Makambako. Baada ya kulielewa hilo, makubaliano yangu yote yaliweka sehemu ya dereva waziwazi, tajiri akiijua, na tangu hapo malori yalianza kufika.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kukaa barabarani juma zima, nacho ni bei. Siku hiyo hiyo moja, uliza tani moja inasafirishwa kwa shilingi ngapi kutoka Dar es Salaam kwenda Makambako, kisha uliza kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam. Ukikuta bei ya kushuka iko chini sana kuliko ya kupanda, fahamu kwamba soko limekwisha kuuona utupu huo na madalali wanaugawana. Kinachobaki kwako ni kazi ndogo ya kupunguza muda wa kutafutana, na faida yake ni nyembamba. Ukikuta bei zinakaribiana ilhali malori yanashuka tupu, hapo kuna kizuizi, na kizuizi ndicho unachotakiwa kukitafuta: huenda ni sheria, huenda ni aina ya gari, huenda ni kutoaminiana, huenda ni kwamba mzigo haupatikani kwa wingi mahali pamoja kwa siku moja. Ukikuta bei ya kushuka ni kubwa kuliko ya kupanda, basi uko katika majira ambayo malori ni haba, na mtu anayekuambia habari za malori matupu anakusimulia ya miezi iliyopita.

Majira hayo yanafuata mvua. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili au Mei. Mbolea hupanda kabla ya mvua na mwanzoni mwake, kwa hiyo wakati huo malori yenye sakafu yanakuja kwa wingi na kurudi bila kitu, kwa sababu shambani hakuna mavuno ya kutosha. Mahindi huvunwa kati ya Juni na Agosti, na hapo kila lori linatafutwa. Viazi mviringo vina bahati ya kuvunwa kwa awamu, nyingine ikiangukia katikati ya mvua, wakati ambapo mahindi bado ni mabichi. Ndiyo maana nilichagua viazi na si mahindi: awamu hiyo inakutana na malori ambayo hayana cha kubeba. Ila mvua hiyo hiyo inaifanya barabara ya kijijini kuwa matope, na semi haiingii. Kwa hiyo mzigo hutolewa shambani kwa kirikuu au Fuso hadi kando ya lami, na gharama ya kipande hicho kifupi, kwa kilo na kwa kilomita, huzidi ile ya safari yote ya kwenda pwani. Wengi hukisahau katika hesabu.

Sasa niruhusuni tufanye hesabu yenyewe. Namba za bei nitakazozitumia ni za mfano, ili kila mmoja aweke za siku yake. Tuchukue dizeli kuwa shilingi 3,000 kwa lita, na semi inayotumia lita 35 kwa kilomita 100 ikiwa tupu, na lita 50 ikiwa imebeba tani 28. Tani 28 ni magunia 280 ya kilo 100.

Lori limefika Makambako likishuka kutoka Mbeya. Likiamua kuendelea tupu hadi Dar es Salaam, litatumia lita 231. Likiingia Njombe kupakia, litakwenda kilomita 60 tupu, kisha kilomita 720 likiwa na mzigo, na jumla itakuwa lita 381. Tofauti ni lita 150, yaani shilingi 450,000. Litapoteza siku mbili kwa kusubiri na kupakia. Tuseme siku moja ya lori hilo ina thamani ya shilingi 150,000 kwa mwenyewe, basi hapo pana 300,000 nyingine. Makuli wa kupakia na kushusha wachukue 150,000. Gharama ya nyongeza ni shilingi 900,000, ambayo ukiigawa kwa magunia 280 unapata kama shilingi 3,200 kwa gunia.

Mlinganishe na lori lililokodiwa mahususi kutoka Dar es Salaam lipande tupu kufuata viazi. Linatumia lita 252 kupanda na lita 360 kushuka, ambazo ni shilingi 1,836,000. Ongeza siku nne za lori, 600,000, na makuli wale wale, 150,000. Inafika shilingi 2,586,000, sawa na kama 9,200 kwa gunia. Hapo hatujaweka sehemu ya dereva wala faida ya mtu yeyote. Kati ya 3,200 na 9,200 ndipo biashara yote ilipo: mkulima anaweza kulipa pungufu ya alivyozoea, tajiri akapata fedha ambayo hakuitarajia, dereva akapata sehemu yake, na aliyewakutanisha naye akapata ujira wake, bila yeyote kudhulumiwa.

Naomba mzitazame tena zile siku mbili za kusubiri, kwa kuwa hapo ndipo nilipoangukia msimu wa kwanza. Nilikuwa na lori, nikaanza kutafuta viazi. Mkulima mmoja ana magunia kumi, mwingine ana kumi na tano, mwingine hajaanza kuchimba. Ekari moja katika vijiji vyetu mara nyingi hutoa tani 3 au 4, kwa hiyo kulijaza lori moja kunahitaji mavuno ya ekari saba hadi tisa, ya watu wengi, yakiwa yamechimbwa, yamechaguliwa na kufungwa katika siku hizo hizo. Siku mbili zikawa tano. Siku tatu zilizozidi zilinigharimu shilingi 450,000 za nyongeza kwa hesabu hii tuliyoifanya, dereva akakasirika, na tajiri akaapa hataingiza gari Njombe tena. Msimu huo nililipa kutoka mfukoni mwangu.

Nilijaribu basi kufanya kinyume chake: nikakusanya viazi kwanza, ndipo nikatafuta lori. Matokeo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa kiazi kilichochimbwa kikikaa kando ya barabara siku nne, kwa jua kinageuka kijani na kwa mvua kinaoza ndani ya gunia, na mnunuzi wa Dar es Salaam hupasua gunia moja tu akajua habari ya yote.

Njia niliipata kwa mzee mmoja mkulima ambaye hakuwa akizungumzia malori kabisa. Alinieleza kwamba viazi vikishakomaa, hukata majani yake na kuviacha ardhini siku kumi hadi kumi na nne ili ganda likaze, maana kiazi chenye ganda changa huchubuka kikipakiwa. Katika siku hizo, na chache baada yake, kiazi kinaweza kungoja ardhini bila kuharibika, ila shamba liwe halituamishi maji wala halina ugonjwa wa baka jani. Niliposikia hivyo nilielewa kwamba nilikuwa nimelisoma pengo langu vibaya. Nilikuwa nikidhani kwamba viazi ndivyo visivyoweza kusubiri na lori ndilo linaloweza, kumbe ni kinyume.

Na jambo la pili lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Lori lile litakaloshuka tupu limepita kwanza Makambako likipanda limejaa. Dereva anasimama pale kula. Anajua anashusha saruji Mbeya, na anajua atarudi siku ya tatu au ya nne. Utupu wake umejitangaza siku tatu kabla haujatokea. Tangu hapo sikuyatafuta tena malori yanayoshuka. Nilizungumza na madereva wakiwa wanapanda. Wakulima waliokuwa wamekwisha kukata majani niliwajulisha kwamba lori liko njiani, lakini hakuna aliyeruhusiwa kushika jembe. Dereva alipopiga simu kutoka Mbeya kusema ameanza kushusha, ndipo tulipoanza kuchimba. Lori likashushwa, likalala, likasafiri kilomita 170 hadi Makambako na 60 nyingine hadi Njombe, likakuta magunia yamepangwa kando ya lami. Lori lisipopiga simu, viazi vilikuwa bado ardhini na hakuna aliyepoteza kitu ila subira.

Kipimo hicho cha utupu unaojulikana mapema ndicho ninachokitumia sasa kwa kila kitu ninacholetewa. Vyumba vya wanafunzi karibu na vyuo vya Iringa hubaki wazi katika likizo ndefu, na tarehe zake zimeandikwa kwenye ratiba ya chuo. Mwenye nyumba anaweza kuahidi vyumba hivyo kwa mafundi wa ujenzi au wageni wa mikutano miezi mingi kabla. Mwaka 2007, mwezi wa Oktoba, huko San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia walilaza wageni kwenye magodoro ya upepo katika nyumba yao ya kupanga kwa sababu kulikuwa na mkutano wa wabunifu na hoteli zilikuwa zimejaa. Tarehe ya mkutano ilikuwa inajulikana, na ndiyo iliyowapa wateja wao wa kwanza, kabla ya kuwa na kampuni inayoitwa Airbnb.

Trekta ni mfano wa kinyume. Linakaa bure miezi mingi, na kila mtu huliona likiwa limeegeshwa, lakini mvua ikinyesha, wilaya nzima hulihitaji katika majuma yale yale machache. Hakuna anayelihitaji likiwa bure, na haliwi bure anapolihitaji mtu. Njia pekee ni kulihamisha kulifuata mvua, kutoka maeneo ya msimu mmoja kwenda yale yenye vuli na masika, na hapo gharama ya kulibeba inaingia katika hesabu.

Shamba lililolala ni gumu kuliko yote, kwa kuwa macho hayawezi kukuonyesha sababu. Moja limeachwa lipumzike ili lirudishe rutuba, na mwenyewe ana haki. Lingine lina kesi ya mirathi, na atakayelikodisha leo si atakayelidai wakati wa mavuno. Kwa shamba, swali la kwa nini ni tupu huulizwa kwa majirani wa pande zote nne na kwa serikali ya kijiji, na mkataba wa msimu huandikwa mbele ya mashahidi kabla ya jembe la kwanza.

Nirudi kwenye lori nimalizie lililobaki. Msimu ambao kila kitu kilikwenda kwa wakati nilikutana na mizani. Wanunuzi walitaka lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka linafika kilo 130 na zaidi, na wakulima walikubali kwa sababu wamezoea kukubali. Magunia 280 ya namna hiyo ni zaidi ya tani 36, si 28. Katika Afrika Mashariki uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, lakini kikomo hicho ni cha magari yenye ekseli nyingi, na kila ekseli nayo ina kikomo chake, kwa hiyo lori linaweza kuzidisha nyuma hata kama jumla yake haijazidi. Faini humwangukia mwenye gari, na mwenye gari humrudia aliyempa mzigo. Tangu siku hiyo sipakii bila mzani wa kuning'iniza pale pale kando ya lami, kila gunia kilo 100, mnunuzi akiwa amejulishwa kabla. Mkulima aliyekuwa akitoa kilo 130 kwa bei ya gunia moja alipoona mshale wa mzani ukisimama kwenye 100 na gunia likishonwa, aliuliza zile 30 zilizobaki chini ni za nani. Nilimwambia ni zake, akazitia kwenye gunia lingine.